Barua kwa mke wangu Rukia

Tandika, Dar es Salaam
Jumatano, 14 Mei 2025

Mke wangu Rukia,

Asalaam aleikum. Natumai wewe na mdogo wake Nasra mlifika Morogoro salama na mama hajambo. Mpe shikamoo yangu, hata kama kwa sasa akisikia jina langu anageuza uso. Ana haki.

Nakuandikia kwa mkono maana meseji utaifuta kabla hujafika katikati, na nikikupigia nitaanza kujitetea. Najijua. Hamisi anapanda treni kesho asubuhi, nimempa bahasha imegandishwa na gundi asije akaisoma njiani, na wewe unamjua shemeji yako.

Nianze na la kusahau siku yako ya kuzaliwa. Ijumaa ile nilirudi saa nne usiku nikakuta umevaa gauni la kitenge la njano, umesuka, pilau imefunikwa kwa kawa mezani na hakuna aliyekula, hata watoto. Ukaniuliza taratibu, "Baba Nasra, leo tarehe ngapi?" Nikatazama simu nikakujibu, "Tarehe 9, kwani hesabu ya tajiri inakuhusu nini?" Ulikuwa umenipa mlango wa kuingilia, mimi nikaupiga teke.

Ningeweza kukwambia kwamba siku ile nilipigwa faini, kwamba abiria wa mwisho alishuka bila kulipa. Ni kweli, lakini si sababu. Mechi ya Simba na Yanga ya tarehe 8 Machi, ambayo hata haikuchezwa, niliisubiri wiki nzima na nikampa tajiri taarifa mapema kwamba jioni ile sipo barabarani. Kwa hiyo tarehe ninazikumbuka nikitaka. Yako sikuitilia maanani, basi. Na wewe hujawahi kusahau ya kwangu, hata mwaka ule uliokuwa na mimba ya huyu mdogo na harufu ya vitunguu inakutapisha. Ulinipikia hivyo hivyo, umejifunga khanga puani.

Lakini Rukia, najua hukufunga begi kwa sababu ya kusahau. Ungeninunia siku mbili, ungenitania mbele ya majirani, yangeisha. Umeondoka kwa lile nililosema Nasra aliporopoka kwamba leo ni siku ya mama. Nalirudia hapa kama nilivyolisema, nisije nikajifanya nimelisahau nalo: "Mtu mzima na watoto wawili unataka kukatiwa keki? Siku na wewe ukileta hela humu ndani ndiyo utanipangia sherehe."

Nililisema mbele ya mtoto, na mbele ya mdogo wako Zuhura aliyekuja kukupongeza. Hukunijibu. Ulifunua kawa, ukampakulia Nasra, ukampakulia Zuhura, ukanipakulia na mimi, ukaingia chumbani. Nilikula. Hilo nalo linaniuma, kwamba nilikaa nikala.

Maneno yale hayakuwa makali tu, yalikuwa uongo. Mwaka jana injini ya bajaji ilipokufa, fundi akaifungua yote pale gereji, tajiri akasema matengenezo ni juu yangu na nikishindwa anampa mkataba mtu mwingine. Mgao wako wa kikoba ndiyo kwanza ulikuwa umetoka, 850,000, ya kununulia friji ya kuuzia juisi na barafu. Ulikuwa umeshapima pale barazani friji itakapokaa, umeshamwambia mama mwenye nyumba habari ya umeme. Ukanihesabia noti zote kitandani ukasema, "Friji haiendi popote, mkataba ukienda haurudi." Tangu siku hiyo kila shilingi ninayorudi nayo jioni imepita kwenye mikono yako kwanza. Halafu nikasimama mbele ya mdogo wako nikakuita asiyeleta hela.

Nimejiuliza kwa nini niliuchagua uongo huo na si mwingine. Nadhani ni kwa sababu kila nikipita pale barazani naona alama ya chaki uliyochora ukutani. Deni hilo linanikaa kooni. Badala ya kulilipa, nikakugeuza wewe ndiye mdaiwa. Mwanamume akielemewa na fadhila ya mkewe anaweza kuwa mtu wa hovyo sana, na sikujua kama mimi ni miongoni mwao.

Sasa nikwambie nilichofanya, si kwa kujisifu. Jumapili nilikwenda kwa Zuhura. Nilimwambia habari ya friji kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu uliificha kwa heshima yangu, na mimi nikaitumia heshima hiyo kukudhalilisha. Alinisikiliza, hakunikaribisha chai. Kisha nikakaa na Nasra, nikamwambia baba alisema uongo kuhusu mama, na kwamba bajaji inayompeleka shule mvua ikinyesha imetengenezwa kwa hela ya mama. Akaniuliza, "Kwa hiyo mama ndiye tajiri?" Nikamwambia ndiyo.

Keki sikununua. Niliingia dukani Jumamosi, nikaiona moja ya waridi jeupe, nikatoka. Ningeileta ungelazimika kutabasamu mbele ya watu ili mimi nionekane nimemaliza, na sijamaliza. Nilichoanza ni hiki: kila jioni nikishatoa hesabu ya tajiri na mafuta, naweka 10,000 kwenye laini yako ya simu, ile unayowekea ya kikoba. Utakuwa umeona meseji zinaingia. Si zawadi wala ya matumizi, usiinunulie unga. Ya matumizi nitaituma mbali. Ni deni la friji, na siku ambayo bajaji haikutembea nitakwambia haikutembea.

La mwisho. Nimeongea na baba mdogo, amekubali tupande treni Jumamosi tuje hapo kwa mama. Amenisema sana, na akaniambia mkwe haombwi radhi kwa simu. Mbele ya mama nitayarudia haya bila kupunguza. Lakini sitaki nikuvizie na wazee ukose pa kusemea. Ukiona Jumamosi ni mapema, mwambie Hamisi akiwa anarudi, nami nitasubiri na baba mdogo nitamweleza mimi mwenyewe. Ukitaka nije peke yangu, uniseme tukiwa wawili, nitakuja peke yangu. Na ukitaka kukaa huko mpaka shule zikifungwa, nitamtunza Nasra. Zuhura amekubali kumsuka, maana mimi nilijaribu jana akalia.

Sikuombi unijibu kwamba umenisamehe. Niambie tu kuhusu Jumamosi.

Heri ya siku yako ya kuzaliwa, Rukia. Imechelewa, na mwenye kuchelewa ni mimi.

Wako,
Shabani (Baba Nasra)

Nasra anauliza daftari lake la Hisabati la jalada la bluu umeliweka wapi. Tumepekua hadi chini ya godoro. Mwalimu analitaka Ijumaa.