Sahani Chini ya Kawa

Kila mara wajukuu walipomwomba Mzee Athmani wapeleke filamu ya harusi yake kwa fundi, alikataa, na sababu yake haikuwa ukaidi wa uzee. Filamu hiyo ilipigwa mwaka 1976 katika ukumbi wa juu wa nyumba ya wakwe zake, mtaa wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, saa ambazo bibi harusi alikuwa akipambwa. Waliokuwemo ni mama mkwe wake, mashangazi na mabinti wa nyumba ile, wote vichwa wazi, kwa sababu aliyeshika kamera alikuwa Salim, kaka yao wa kuzaliwa. Wanawake wale walikubali kupigwa picha wakiamini kwamba haitatoka nje ya ukoo, na Mzee Athmani hakuona kwamba kufa kwa wengi wao kumemwondolea amana hiyo.

"Kama mnataka kuitengeneza," aliwaambia mwishowe, "itengenezwe humu humu ndani. Na kwanza nimwulize shemeji yangu."

Bi Rehema, mdogo wake marehemu Zuhura na pekee aliyebaki hai kati ya waliokuwa ukumbini siku ile, alitoa idhini yake kwa simu kutoka Lamu, kwa sharti kwamba kazi ifanywe na mjukuu, Nuru, na mtu wa kike awepo kila picha zinapofunguliwa.

Walipofungua kopo, harufu kali ya siki iliwapanda puani. Nuru, aliyekuwa akisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, alimweleza babu yake kwamba plastiki ya filamu za namna ile huoza yenyewe kwa joto na unyevu, ikatoa asidi ya siki, na kwamba ikishaanza kuoza hairudi nyuma, bali huweza tu kucheleweshwa. Filamu ilikuwa imesinyaa na kujikunja hata matundu yake hayakuweza tena kukaa kwenye meno ya mashine ya kuonyeshea. Kwa hiyo waliipitisha juu ya vigurudumu visivyo na meno, taa nyeupe ikiwa chini yake, nao wakaipiga picha kwa kamera ya Idi, mdogo wake Nuru, kipande kimoja kimoja. Ilikuwa mita 15 tu, lakini kila mita ina vipande zaidi ya 200, na vyote pamoja ni kama 3,600. Idi aliiweka kamera sawa na kujaribu kwa mwanzo mtupu wa filamu, kisha akatoka chumbani, na kazi iliyobaki ikafanywa na Nuru pamoja na mama yao, Maimuna, usiku baada ya usiku, feni ikiwa imezimwa ili vumbi lisiruke.

Rangi ndiyo iliyowasumbua. Wino wa buluu na wa manjano ulikuwa umefifia, ukabaki wekundu uliofanya nyuso zote zionekane kama zimekaa mbele ya moto. Mzee Athmani alifungua sanduku, akatoa leso aliyokuwa nayo Zuhura begani katika filamu ile, ambayo haikuona jua tangu afariki mwaka 1983, na Nuru akarekebisha rangi kwenye kompyuta mpaka leso ya picha ilipolingana na leso iliyokuwa mapajani mwake. Baada ya hapo hina ikawa hina, na kuta zikawa na chokaa yake.

Ni Maimuna aliyeuona mstari. Alikuwa akifuta kwa kitambaa laini ukingo wa filamu, akauliza ni uchafu gani ule wa rangi ya kahawia ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Nuru aliitazama filamu kwa kioo cha kukuzia, akanyamaza kidogo, kisha akamwita Idi aliyekuwa nje. Kampuni ya Kodak ilikuwa imeanza kuuza filamu ya Supa 8 yenye utepe wa sumaku wa kunasa sauti mwaka 1973, na Salim, aliyekuwa baharia, aliipata kamera yake katika bandari za mbali. Filamu iliposafishwa Ulaya na kurudi kwa posta, Salim alikuwa amekwisha kufa maji. Mashine aliyoinunua Mzee Athmani ilikuwa ya picha tupu. Kwa miaka yote hiyo watu wa nyumba ile walikuwa wakitazama midomo ikifunguka na kufungwa, wakaamini kwamba hakuna la kusikia.

Idi alikwenda kutafuta redio kaseti iliyokufa, wakang'oa kichwa chake cha kusomea na kukiegemeza juu ya ule mstari. Filamu ilivutwa kwa mota ndogo, kwa uangalifu, na mvumo ukaingia kwenye kompyuta, ndani yake mkiwa na kicheko, vigelegele, na sauti moja ya karibu iliyokuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Huyo si Zuhura," alisema Mzee Athmani.

Nuru alimweleza kwamba mwendo wa mota yao haukuwa sawa na wa kamera ya Salim, na kwamba hata kamera zile zenyewe hazikwenda kwa mwendo mmoja. Kompyuta ingeweza kuupunguza mwendo wa sauti kwa kiasi chochote, ila haikuwa na njia ya kujua wapi pa kusimama. Yeye na Idi hawakumwona bibi yao. Maimuna alifiwa na mama akiwa na miaka mitano, na alichokumbuka ni mkono tu, ukimsuka nywele.

Mzee Athmani hakuwa amemwambia mtu kwamba sauti ile ilikuwa imempotea yeye pia, na kwamba kwa muda mrefu alipomkumbuka mkewe alikumbuka maneno bila sauti yake. Alifumba macho. Nuru akashusha kidogo. "Bado." Akashusha tena. "Sasa umepita, huyo ni mama yake." Akapandisha kwa kiasi kidogo sana. Mzee akainua mkono, na hakuushusha.

Sauti hukaa mbele ya picha yake kwa vipande 18, ambavyo ni kama sekunde moja, kwa hiyo Nuru aliisogeza mpaka midomo ikaafikiana na maneno. Zuhura, miguu yote miwili ikiwa na hina mbichi, alikuwa akimwambia Rehema mdogo aliyesimama mlangoni:

"Athmani hajala tangu asubuhi. Namjua, akiwa na hofu hali. Mpelekee pilau, ifunike kawa. Wala usimwambie ni mimi."

Maimuna alijifunika uso kwa mtandio. Mzee Athmani alikaa wima kitini.

"Nilimshukuru mama yangu kwa sahani ile," alisema. "Nilimbusu mkono mbele ya watu. Mama akanitazama tu. Zuhura nimekaa naye miaka saba, nimesimulia habari ya sahani ile mbele yake, na hakutamka neno."

Akaomba simu. Bi Rehema alipopokea, Mzee hakumjulia hata hali.

"Rehema, sahani ya pilau siku ya harusi yangu. Ni wewe uliyeileta?"

Kwanza alisikia pumzi tu.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

"Aliniapisha, shemeji. Nilikuwa na miaka tisa, nikaapa, na alipokufa nikaona kiapo ndicho kimezidi." Kisha akasema kwa haraka, kama mwenye deni lililokaa sana moyoni: "Sahani ilirudi. Kawa haikurudi, na mama alinipiga kwa ajili ya kawa ile."

Mzee Athmani akamwambia Nuru aanze tena tangu mwanzo, kwa sauti ya juu, akaisogeza simu karibu na spika ili shemeji yake asikie.