Dhiraa ya Babu

Baba mdogo Salimu alikuwa ameshampata mnunuzi wa ile simu. Fundi mmoja wa stendi ya Pangani aliitaka kwa shilingi elfu tatu, apate kioo na vitufe vyake. Kazi ya Shabani ilikuwa kutoa laini na kufuta yaliyomo.

"Futa kila kitu," Baba mdogo alimwambia. "Simu ya marehemu isizunguke mjini na namba zetu."

Ilikuwa simu ndogo ya tochi, mfuniko wake umefungwa kwa mpira wa baisikeli, na bado ilinuka sifa ya papa. Babu alipaka mashua mafuta yale maisha yake yote. Aligusa sahani ikanuka, akagusa kichwa cha mjukuu kikanuka. Shabani aliinusa kabla ya kuifungua, akatazama mlangoni kama kuna aliyemwona.

Betri ilikuwa imevimba. Aliibana kwenye chaja ya kobe mpaka taa ikageuka kijani, akairudisha, akawasha. Alifuta majina, akafuta ujumbe wa mtandao wa simu, akaingia palipohifadhiwa sauti. Kulikuwa na faili moja tu: REC003.amr. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufutia. Akaona kwanza asikilize.

Ilianza kwa mlio wa tezo kwenye mbao. Ko, ko, ko. Kisha mtu akakohoa, akasema, "Bismillahi. Hii mashua ya Kombo. Nasema humu kwa sababu macho yangu hayasomi tena daftari..."

Simu ikazimika.

Shabani alibaki amekaa kitandani, masikio yanamvuma. Tangu mazishi alikuwa akijaribu kuikumbuka sauti ile usiku, na kila alipoikaribia ilichanganyika na sauti ya Baba mdogo, kwa kuwa baba na mwana walifanana kusema. Sasa ameisikia yenyewe, nzito, ya polepole, yenye mkwaruzo mwishoni mwa neno. Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kioo kikaangaza, kikafa. Akaitoa betri, akaisugua kwenye kaptura, akairudisha. Kikaangaza, kikafa.

Aliisogeza betri dirishani akasoma maandishi yake: BL-5C. Maandishi hayo alikuwa ameyaona mahali pengine. Alifikiri kidogo, kisha akaenda mbio chumbani kwa Bibi.

Bibi Mwanahawa alikuwa bado eda. Mchana kutwa alikaa juu ya mkeka akisuka ukili, na karibu na goti lake kulikuwa na redio ndogo ya Kichina iliyomsomea mawaidha tangu alfajiri.

"Shikamoo, Bibi. Naomba betri ya redio."

"Marahaba, mume wangu. Betri ya redio ya nini, na mawaidha hayajaisha?"

"Narudisha sasa hivi."

Hakueleza zaidi. Aliogopa kumwambia kuna sauti, kisha sauti isipatikane. Bibi alimtazama usoni, akaizima redio mwenyewe, akamkabidhi.

Betri ya redio ilikaa sawasawa. Safari hii Shabani hakusikiliza. Alimwita dada yake Zuhura, mwenye simu ya kupangusa, wakawasha Bluetooth pande zote mbili, akalichagua faili, akatuma. Mstari ulitambaa kwenye kioo ukafika nusu, ukasimama. Zuhura akazisogeza simu mpaka zikagusana. Ukatambaa tena. Faili lilikuwa dogo, maana simu zile hurekodi sauti ya mtu bila mapambo, lakini Shabani alihisi kama vile jahazi zima linapitishwa kwenye tundu la ufunguo.

"Limefika," alisema Zuhura. "Ni nini?"

"Babu."

Zuhura aliziba mdomo kwa mtandio.

Hawakungoja. Walilinakili kwenye memori kadi, wakamtumia shangazi yao aliyeko Maskati kwa Watsapu, wakalipa jina: Babu mashua ya Kombo. Ndipo wakaenda kwa Bibi, wakakaa mkekani kila mmoja upande wake, na Shabani akabonyeza.

"...macho yangu hayasomi tena daftari. Mkuku na mataruma nimeshaweka, hayo Salimu atayaona. Asiyoyaona ni haya. Mwashiri wa kukalia mlingoti uanzie taruma la saba kutoka omo. Mlingoti dhiraa kumi na nane, ulalie mbele kidogo, usisimame wima, tanga litaulemea. Foromali miti miwili, ifungwe kwa kamba katikati, isipigwe msumari..." Akakohoa, kikohozi kirefu cha kifua. "Kalafati asiifanye mtu mwenye haraka. Pamba ishindiliwe mpaka ilie. Deheni baadaye."

Kisha sauti nyembamba ya mtoto ikasikika kwa mbali: "Babu, nimechoka."

"Shika kamba, Shabani. Ukilegeza wewe, mstari unapinda na mashua inapinda."

"Nimeshika."

"Haya. Mwanaume."

Tezo ikaendelea, ko, ko, ko, mpaka mwisho.

Shabani hakuwa na kumbukumbu yoyote ya siku ile. Kamba alizishika siku nyingi chini ya ile mikungu kando ya mto, na zote zilikuwa zimeungana kuwa siku moja ya jua kali. Aliinama, machozi yakadondoka kwenye ukili wa Bibi.

Bibi hakulia. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Rudisha kwenye kikohozi," alisema.

Wakarudisha.

"Aliniambia kimeisha. Kila usiku nilimuuliza, akaniambia, 'Kimeisha, Mwanahawa, dawa yako imekubali.' Kumbe alikuwa akienda kukikohoa kwenye mashua za watu." Aliuweka ukili chini. "Rudisha tena."

Walirudisha mpaka midomo yake ikaanza kuyafuatisha maneno. Alipofika pale pa kusema pamba ilie, alicheka kwa sauti, kisha ndipo alipolia, na Zuhura akamshika bega.

Baba mdogo Salimu aliingia wakati huo kutaka simu yake ya kuuza. Tangu msiba alikuwa akizozana na Mzee Kombo, ambaye pesa ya mbao ilikwishatoka na kaskazi ilikuwa inakaribia. Mashua ilisimama mifupa mitupu ufukoni, na Salimu hakujua hata mlingoti utasimama wapi. Alikuwa amefikia kusema mbao zigawanywe. Alipoisikia sauti ya baba yake alibaki mlangoni, viatu mkononi, mpaka ikaisha.

"Taruma la saba," alisema taratibu. "Mimi nilihesabu la tisa."

Alikaa. Akajipapasa mifuko akatafuta penseli. Halafu akasita.

"Lakini dhiraa kumi na nane za nani? Marehemu alipimia mkono wake. Wangu mfupi."

Alinyoosha mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole, akautazama.

"Ufito unaozuia mlango wa banda la kuku," alisema Bibi, akifuta uso kwa ncha ya kanga. "Aliukata kwa kipimo cha mkono wake mwaka tuliooana. Wanafunzi wake wote walipimia huo. Mmeufanya komeo."

Zuhura alishatoka nje. Kuku walisikika wakipiga kelele.

"Na simu ya fundi?" Shabani aliuliza.

"Fundi atafute kwingine." Baba mdogo alikunjua karatasi gotini. "Rudisha nyuma, mwanangu. Anzia kwenye mwashiri."