Kapu lirudi sokoni: hotuba kwa wafanyabiashara wa soko letu, Tanga

Assalaam alaykum, bwana asifiwe, na wale wa shikamoo shikamooni. Mwenyekiti asante kwa kunipa nafasi kabla watu hawajaanza kuchungulia saa. Mnanijua, nauza nazi na mchicha pale upande wa mtaroni, kwa hiyo sijaja hapa kama mtu wa semina, hamna posho leo wala soda.

Nimekuja kuongelea nailoni. Hizi hizi mlizonazo mifukoni mwa aproni sasa hivi, na wewe shemeji unayeuza dagaa usizifiche, nimeshaziona.

Wote tunakumbuka tarehe 1 Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Rambo zikapotea, watu wakatoa makapu juu ya makabati, tukazoea. Halafu taratibu tukarudi kwa mlango wa nyuma, tukaanza kubebea watu vitu kwenye vifungashio, vile vinailoni vyepesi visivyo na mshikio, eti hii siyo rambo bwana, hii ni kifungashio. Jamani hayo maneno hayamsaidii mtu. Kifungashio kimeruhusiwa kufungia bidhaa kiwandani, siyo kumbebea mama Asha nyanya zake mpaka nyumbani, na NEMC walishalisema hilo mwaka 2021. Ukikutwa na mfuko uliokatazwa faini inaanzia elfu 30 mpaka laki 2, au siku zisizozidi 7 ndani. Ukikutwa unauza ndo balaa, laki 1 mpaka laki 5 au mpaka miezi mitatu. Mtaji wa genge zima unaondoka hapo.

Lakini mi sitaki tuache kwa kuogopa mgambo, maana mgambo akiondoka tunarudia. Nataka tupige hesabu. Mimi kwa meza yangu nailoni zinanila kama buku mbili kwa siku, siku ya sikukuu zaidi. Piga siku 26 za kazi, hiyo ni elfu 52 kwa mwezi. Kwa mwaka ni laki sita na elfu ishirini na nne, natoa mfukoni kwangu nampa mteja bure, na yeye akifika kwake anaitupa kabla hata sufuria haijapata moto! Hebu kila mmoja apige yake kimoyomoyo, asitutajie, ajue tu mwenyewe.

Na bidhaa yenyewe inaharibika. Mchicha ukiufunga kwenye nailoni kwa joto hili la Tanga unatoa jasho, jasho halina pa kutokea, jioni majani yameshakuwa meusi na yanateleza, mteja kesho anakuja kusema mchicha wako mbovu. Mchicha ule ule ukiuweka kwenye kapu unapumua. Na nyie wa chipsi na maharage ya moto, kumwagia chakula kinachofuka moshi ndani ya nailoni nyepesi, hizo kemikali za plastiki zinaingia kwenye chakula anachopelekewa mtoto wa mtu, tuacheni jamani.

Mtaro sina haja ya kuusema sana, mvua ya masika mliiona. Tulizibua kwa mikono na kilichotoka mle ni nailoni tupu na maganda. Kisichoziba hapa kinashuka mpaka baharini, kasa anaiona inaelea anadhani yavuyavu anaimeza, na hao wavuvi wetu wanaovuta nyavu wawaambie wenyewe huwa wanavuta nini siku hizi pamoja na samaki.

Sasa najua mnachowaza, "nikimnyima mfuko mteja ataenda kwa jirani". Kweli kabisa, akikataa mmoja peke yake ataumia yeye, ndo maana nimeomba nafasi kwenye kikao cha wote. Mteja hawezi kubeba kapu wakati anajua mfuko wa bure upo kila meza, mi mwenyewe nisingebeba. Tukikataa soko zima siku moja, atakuja na kapu lake kama alivyokuja nalo 2019, hakuacha kula kwa sababu ya rambo.

Na makapu yenyewe tunayaagiza wapi, China? Hapa hapa. Kina mama wanaosuka ukili wapo, kapu lililoshonwa ukili mzito na mishikio ikafungwa kamba ya katani, unabebea viazi, nazi, muhogo, linakaa miaka. Tena katani! Huu mkonge umeletwa Tanga mwaka 1893, mji mzima umejengwa na mkonge, halafu sisi watu wa Tanga tunabebea bamia kwenye nailoni, hii kitu huwa inanichekesha na kunikera kwa pamoja.

Kuna na pakacha, vijana wengine hapa wanadhani ni kitu cha bibi zao. Unachukua kipande cha kuti bichi, unapasua uti wa kati, unasuka majani yake ukenda ukirudi, unafunga mkia chini, dakika chache tu una kitu cha kubebea maembe au machungwa, na kikichakaa mbuzi anakula bila kudhurika. Pale kwa wauza nazi makuti yanatupwa kila siku. Kijana asiye na kazi akikaa na kisu pale akawa anasuka na kuuza mia tatu mia tatu, atakuwa na hela ya kula.

Kwa vitu vikavu, mchele, maharage, karanga, unga, tunatumia kitambaa. Mafundi cherehani wa kule nyuma wana mabaki ya vitenge na khanga yanajaa viroba, wanashona vifuko vya kufunga na kamba, kilo moja, kilo mbili, unafua unatumia tena. Samaki sitawadanganya, samaki ana maji, hamna kitambaa hapo, mteja wa samaki aje na ndoo ndogo au bakuli lenye kifuniko, na wale wa hapa jirani wengi wanafanya hivyo tayari.

Mtu ataniuliza kuhusu ile mifuko mbadala ya jero. Ni afadhali, ukipata ile mizito inayotakiwa, lakini tusidanganyane, ile nayo ni plastiki tu iliyotengenezwa ionekane kama kitambaa, ikichakaa inachanika nyuzi nyuzi inaishia mle mle mtaroni. Aliyenayo aitumie mpaka iishe, asinunue mingine.

Kwa mteja aliyesahau kapu nyumbani, maana watasahau tu, napendekeza soko liwe na makapu ya rahani. Anaacha buku tano kwa mlinzi wa geti kuu anachukua kapu, siku akilirudisha anapewa hela yake. Asiporudisha, kapu limeuzwa, hatuna hasara. Makapu ya kwanza tunachanga buku mbili mbili kila meza, yaani pesa ya nailoni ya siku moja tu!

Bodaboda na nyie msijifiche kule nyuma, kapu linafungwa kwenye keria vizuri kuliko nailoni sita zinazochanika njiani.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, tuanze tarehe 1 ya mwezi ujao, meza zote, nailoni zilizobaki mzipeleke kwa wanaonunua plastiki kwa kilo, sokoni zisionekane. Karatasi ya majina anayo katibu pale, ukichangia unaandikwa, mimi nimeshatoa yangu. Mwenye swali aulize sasa hivi kabla mwenyekiti hajaturudisha kwenye ajenda ya choo.