Masharti ya Mwisho ya Mkataba wa Pango: Fremu Na. 3, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo

Sehemu hii inafunga mkataba wa pango wa fremu iliyotajwa hapo juu, Dar es Salaam, kuanzia 1 Machi 2026 hadi 29 Februari 2028, kwa kodi ya shilingi 1,200,000 kwa mwezi, inayolipwa kabla ya au ifikapo tarehe 5. Mpangishaji anaishi Unguja, Mpangaji anaishi Dar es Salaam. Chini ya kila ibara pana maelezo ya kazi yake. Maelezo yakipingana na ibara, ibara ndiyo itakayofuatwa.

21. Sheria itakayotumika

21.1 Mkataba huu utatafsiriwa na kutekelezwa kwa sheria za Tanzania Bara, ikiwemo Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

21.2 Upande wenye lalamiko utatoa notisi ya maandishi, na pande zote zitakaa kutafuta suluhu ndani ya siku 14. Zikishindwa, mgogoro utapelekwa kwenye baraza au mahakama yenye mamlaka ya kusikiliza migogoro ya ardhi mahali fremu ilipo.

*Maelezo.* Neno lenye uzito hapa ni "Bara". Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Kuandika "sheria za Tanzania" tu, ilhali mwenye fremu yuko Unguja, ni kumpa anayetaka kuchelewesha shauri hoja ya kuanzia. Nacho chombo cha kusikiliza shauri hakikutajwa kwa jina makusudi: makubaliano ya watu wawili hayawezi kukipa baraza mamlaka ambayo sheria haikukipa. Shauri likifunguliwa pasipo pake hutupwa, na ada imeshalipwa.

22. Kutenganishwa kwa masharti

22.1 Sharti lolote likitamkwa kuwa batili au lisilotekelezeka, litaondolewa kwa kiasi cha ubatili wake tu, na masharti mengine yataendelea kuwa na nguvu.

22.2 Ibara hii haitahusu sharti la kodi, la muda wa pango wala la utambulisho wa fremu. Mojawapo likibatilika, pande zote zitakutana ndani ya siku 30 kuandika sharti halali badala yake. Zisipoafikiana, upande wowote unaweza kusitisha pango kwa notisi ya siku 60.

*Maelezo.* Ibara ya 9 inatoza asilimia 5 ya kodi iliyochelewa. Baraza likiona kiwango hicho ni adhabu kuliko fidia, kitaondolewa au kupunguzwa, lakini deni la kodi lenyewe na wajibu wa matengenezo vinabaki. Hiyo ndiyo faida yake, nayo ina mpaka. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kupangwa kwa fedha za kigeni. Kodi ingeandikwa kwa dola, ukiliondoa sharti hilo hubaki pango lisilo na kodi. Ndiyo sababu kodi imeandikwa kwa shilingi, na ndiyo sababu ya 22.2.

23. Kutoachilia haki

23.1 Kuchelewa au kukaa kimya kwa upande wowote katika kudai haki yake hakutahesabiwa kuwa ameiachilia.

23.2 Kupokea kodi pungufu au iliyochelewa, ikiwemo fedha iliyoingia benki au kwenye simu, si kusamehe ukiukaji wowote uliotangulia.

23.3 Haki itaachiliwa kwa maandishi yaliyosainiwa na mwenye haki, yakitaja tukio na tarehe yake, na kwa tukio hilo peke yake. Ujumbe wa WhatsApp au SMS hautoshi.

*Maelezo.* Hii ndiyo ibara inayogombewa zaidi. Mpangaji analipa tarehe 19 badala ya tarehe 5, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na Mpangishaji hasemi kitu. Mwezi wa nne akitaka kuvunja mkataba, Mpangaji atajibu kwamba tarehe 19 imeshakuwa mazoea yao. Fedha ya simu inazidisha tatizo, kwa kuwa huingia bila mpokeaji kukubali; 23.2 imeandikwa kwa ajili hiyo. Katazo la WhatsApp nalo lazima liandikwe, kwa sababu sheria ya Tanzania inatambua maandishi ya kielektroniki.

Ila ibara hii nayo inaweza kuachiliwa kwa vitendo. Mpangishaji anayepokea kodi iliyochelewa mwaka mzima bila neno anajidhoofishia hoja. Kila inapochelewa, ndani ya siku 7 aandike barua: "Nimepokea shilingi 1,200,000 za mwezi wa Juni 2026 tarehe 19. Sijaachilia haki yangu ya kulipwa ifikapo tarehe 5." Mpangaji asaini nakala kuonyesha ameipokea.

Mpangaji naye analindwa. Asipodai paa livujalo litengenezwe kwa miezi miwili, hajapoteza haki ya kulidai. Lakini akiahidiwa kwa mdomo kupunguziwa kodi, bado anadaiwa kodi kamili. Punguzo la miezi kadhaa ni badiliko la mkataba, na huandikwa kwenye nyongeza inayosainiwa na pande zote mbili.