Historia ya mlo na ushauri wa saa za kula: mgonjwa wa kisukari anayefunga Ramadhani

Mama wa miaka 52, muuza vitenge, Tanga. Kisukari aina ya pili, anatumia metformini pekee. Daktari amemruhusu kufunga na ameshampangia dozi za futari na daku.

Ramadhani iliyopita alifuturu kwa tende sita, uji wa sukari, muhogo wa nazi na tambi za sukari, vyote kwa mkupuo. Wali saa nne usiku, kisha usingizi. Daku haamki. Alasiri alitetemeka na kutoka jasho jembamba, akavumilia hadi magharibi. Hilo linanitia hofu kuliko tende zote.

Tumekubaliana daku isikosekane, na iliwe karibu na alfajiri: kunde au maharage, samaki, mchicha, ugali wa dona kiasi cha ngumi yake. Afuturu kwa tende moja au mbili na maji, aswali, ndipo ale. Muhogo au wali, achague kimoja. Uji usitiwe sukari. Maji anywe kidogo kidogo usiku kucha.

Alidhani kujitoboa kidole kupima sukari kunabatilisha funga, nimemweleza hakubatilishi. Apime adhuhuri, alasiri, na kila akijisikia vibaya. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au kupita 16.7 afungue papo hapo, hata adhana ikiwa karibu. Siku hiyo atailipa. Ikiwa imeshuka, anywe maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Ikiwa imepanda, maji matupu na aje kliniki.

Arudi wiki ya kwanza ya mfungo, na daftari la vipimo.