Safari ya Kitone

Juu ya milima ya Uluguru, Morogoro, ndani ya wingu zito la masika, aliishi Kitone, tone dogo la maji lililobeba moyoni chembe ya chumvi. Mvuke hupata shida kugeuka tone usipopata cha kushikilia, na ndiyo maana wenzake wengine walikuwa wameshikilia vumbi, wengine masizi ya moshi.

"Bibi Wingu, nani alinipa chumvi hii?" aliuliza Kitone.

"Mwenyewe utamkuta, mjukuu wangu," alijibu Bibi Wingu. "Safari njema."

Kitone akagongana na wenzake na kuungana nao, akawa mzito hata hewa ikashindwa kumbeba. Akaanguka! Alitua juu ya jani la mgomba, akateleza taratibu hadi kwenye ncha, akaning'inia hapo. Kama ungemtazama kwa karibu wakati ule, ungeona ndani yake mlima mzima, nyumba ya bati na mtoto aliyekinga maji kwa ndoo, vyote kichwa chini miguu juu.

Kisha, tii! Akadondoka, akazama ardhini. Huko kulikuwa na giza, na mizizi yenye kiu ilijaribu kumnywa, lakini alipenya katikati ya mawe siku nyingi, mpaka alipochomoza katika chemchemi baridi. Kijito kikampeleka Mto Mgeta, nao Mgeta ukamkabidhi kwa Mto Ruvu, mto mpana wenye viboko, ambako matone wengi waliagana naye kwa sababu pampu ziliwavuta kwenda kwenye mabomba ya Dar es Salaam.

Karibu na Bagamoyo, mto ulipunguza mwendo. Mikoko ilisimama kwa miguu mingi ndani ya tope, na kaa wadogo walikimbilia mashimoni mwao. Ghafla maji yakawa na chumvi kila upande.

"Hodi!" aliita Kitone.

"Karibu," ilijibu Bahari, ikamwonja. "Chembe hii ni yangu. Wimbi lilipasuka, povu likaruka, upepo ukaipeperusha hadi mawinguni. Asante kwa kunirudishia."

Kitone alifurahi sana, akacheza siku nyingi kandokando ya ngalawa. Lakini asubuhi moja jua lilimpasha joto hata akawa mwepesi kuliko unyoya, akageuka mvuke usioonekana kwa macho. Chumvi yote ilibaki chini, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke.

Upepo wa kusi ukamchukua kuelekea milimani. Kadiri alivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi, naye akatafuta kitu cha kushikilia. Mara akaona chembe ndogo nyeupe ikielea peke yake.

"Umetoka wapi?" aliuliza Kitone.

"Sijui," ilijibu chembe kwa woga.

"Mimi ninajua," alisema Kitone, akaikumbatia. "Njoo, nitakusimulia njiani."