"Bado nimekula" na "sijala tayari": jibu kwa mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Tanga

Marahaba, dada. Ujumbe wako nimeupata, na umefanya vizuri kuziandika sentensi zako kama ulivyozitamka mbele ya mama mwenye nyumba hapo Ngamiani. Nitakupa marekebisho kwanza, kisha sababu.

Siku ya kwanza ulitaka kusema kwamba tumboni hamna kitu na chakula unakihitaji, ukasema "Bado nimekula." Ungesema:

Bado sijala.

Au "Sijala bado." Au "Sijala" peke yake. Na kwa kuwa mama alikuuliza "Umekula?", lilitosha neno moja: "Bado, mama."

Siku ya pili ulikwishaambiwa kwamba panatakiwa -ja-, ukaipata, lakini ukaiongezea mkia: "Sijala tayari." Hapo ni kuondoa "tayari" tu. Maana yako ilikuwa imeshakamilika kwenye "sijala".

Sasa sababu, na nitaanza na masikio ya mama. Alipokusikia unasema "bado nimekula", sehemu iliyomwingia ni "nimekula", kwa sababu kitenzi ndicho kinachobeba habari. "Bado" yako aliiona haina pa kukaa, akaiacha ipite, akafunika wali. Hakukosea. Wewe ulijifunza kwamba "bado" ni jibu la kukanusha, na kweli ndivyo inavyosikika mtu anapojibu "Bado" peke yake. Ukaona basi, kukanusha kumefanyika, kitenzi kinaweza kubaki kama kilivyo. Lakini "bado" yenyewe haikanushi. Inachosema ni kwamba hali iliyokuwapo ingalipo, haijabadilika. Ukijibu "Bado", msikilizaji hukumalizia mwenyewe kichwani: bado hujala. Ukitaja kitenzi kwa kinywa chako, lazima ukanushaji uuweke wewe, ndani ya kitenzi.

Ndiyo maana "bado" hukaa vizuri na mambo mawili. Moja ni jambo linaloendelea: "Bado ninakula", yaani mkono ungali kwenye sahani, "Bado yuko sokoni", "Bado mvua inanyesha". La pili ni jambo ambalo halijatokea: "Bado hajarudi sokoni", "Bado mvua haijanyesha". Katika yote mawili kuna hali inayodumu. Mtu yuko sokoni, na anaendelea kuwako. Mtu hajarudi, na anaendelea kutorudi.

Hapa nataka ukae kidogo, maana utasikia watu wakisema "bado" pamoja na -me- na utadhani nimekudanganya. Jioni hiyo hiyo unaweza kumsikia mama akisema "Mtoto bado amelala." Sentensi hiyo ni safi kabisa. Vitenzi fulani vikipata -me- havielezi tendo lililopita, vinaeleza hali aliyo nayo mtu sasa: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, amenuna, ameshika. Aliyelala yumo usingizini sasa hivi. Aliyevaa kanga anayo mwilini sasa hivi. Hali hiyo inaweza kuendelea, kwa hiyo "bado" ina kitu cha kushikilia: "Bado amenuna", "Bado umesimama? Kaa basi." Kula si hivyo. Ukisema "nimekula", tendo limekwisha, sahani imeshaondolewa, hakuna kinachoendelea. Kinachoendelea baada ya kula ni shibe, na shibe ina kitenzi chake. Siku mama akikusukumia sahani ya pili, mwambie "Ahsante mama, bado nimeshiba." Hiyo ataielewa, na ni ya heshima kuliko kukataa mkavu.

Kwa hiyo kila unapotaka kuweka "bado" mbele ya -me-, jiulize: hali hii ipo sasa hivi na inaweza kuendelea? Ikiwa ndiyo, sema. Ikiwa ni tendo lililokwisha, kama kula, kufika, kununua, kuanguka, kufunga safari, basi "bado" inakwenda na -ja-: bado sijafika, bado sijanunua.

Tuje kwenye -ja-. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika sarufi yetu, na inanisikitisha vitabu vingi vinavyompa mgeni mistari miwili tu juu yake. Kiswahili hakitosheki na kusema jambo halikufanyika. Kinataka pia kujua kama bado linangojewa. Tazama:

Sili. Mimi siyo mlaji wa kitu hicho, au sina nia: "Sili pweza."

Sikula. Wakati wa kula ulipita, nami sikugusa: "Jana usiku sikula."

Sijala. Mpaka dakika hii hapana, na nafasi ya kula ipo.

Ndiyo maana hatusemi "jana sijala". Jana imefungwa, haina tena cha kungoja. Saa saba mchana utasema "leo sijala". Ukiwa umeshapanda kitandani na taa imezimwa, utasema "leo sikula". Tofauti hiyo si mapambo. Ukimwambia mama "sikula", anaweza kukuonea huruma na kuendelea na shughuli zake. Ukimwambia "sijala", atainuka kwenda jikoni, kwa sababu umemwambia kwamba kuna jambo linasubiri. Vivyo hivyo kwa watu: ukiulizwa habari za ndugu yako, "hajaoa" ni neno la heri, linamwachia nafasi. "Haoi" ni kumhukumu.

Sasa unaona kwa nini "sijala" peke yake inatosha. Kule kungojea kumo ndani ya -ja- yenyewe. "Bado" tunaiongeza kwa mkazo, au kwa sababu ulimi umeizoea. "Bado sijala" ina msukumo zaidi mwanzoni, kama unamkumbusha mtu. "Sijala bado" ni ya utulivu. Lakini usiipime kwa mizani, tumia yoyote.

Na -ja- haina upendeleo, inafuata ngeli zote kama viambishi vingine vya kukanusha. Chai haijachemka. Maji hayajachemka. Wali haujaiva. Basi halijafika. Viazi havijamenywa. Zitamke ukiwa jikoni na mama, vitu vyote vimo humo.

"Tayari" ina tabia mbili, na kosa lako lilitokana na kuzichanganya. Tabia ya kwanza ni ya utayari: chakula kiko tayari, niko tayari, mizigo iko tayari. Ya pili ni ya jambo lililokwisha kutokea, nayo hutaka kitenzi cha kukubali: "Tayari nimekula", "Nimekula tayari." Kwenye meza ya chakula, hata hivyo, watu hawaitumii sana hiyo. Wanasema "Nimeshakula", na huko pwani utaisikia imefupishwa, "Nshakula." Hiyo -sha- ni mabaki ya kwisha: nimekwisha kula, nimekwishakula, nimeshakula. Mimi ningekushauri uishike hiyo kuliko "tayari". Ni nyepesi mdomoni, na haitakupeleka kwenye mtego wa "sijala tayari".

Maana mtego wenyewe ni huu: "tayari" inasema jambo limetimia, "sijala" inasema halijatimia. Haziwezi kukaa pamoja juu ya kitenzi kimoja. Mama alipokuuliza "Hutaki kula, au?" alikuwa anajaribu kuiokoa sentensi yako. Alidhani unataka kusema "siko tayari kula", na kwa masikio yetu "siko tayari" ina harufu ya kugoma. Ndiyo maana uso wake ulibadilika kidogo. Hakukasirika, usiwe na wasiwasi. Alikuwa hajui kama amekuudhi.

Ukitaka kukanusha "tayari" ya utayari, leta kitenzi kuwa: "Chakula hakijawa tayari." "Sijawa tayari, nisubiri kidogo." Hapo -ja- na "tayari" zimekutana bila ugomvi, kwa sababu kinachokanushwa ni kule kuwa tayari.

Jozi hizi zisome kwa sauti:

– Umekula?
– Bado, mama.

– Hujala mpaka saa hizi?
– Ndiyo mama, sijala. Nilichelewa darasani.

– Karibu chakula.
– Ahsante mama, nimeshakula kwa rafiki yangu.

– Chakula tayari?
– Bado kidogo. Wali haujaiva.

Angalia ile "ndiyo" ya jozi ya pili. Swali lilikuwa "hujala?", nawe unakubaliana nalo: ndiyo, ni kweli sijala. Ukijibu "hapana" hapo utaanzisha maswali mengine.

Kuna mahali pamoja -ja- itakushangaza, nako ni baada ya "kabla". Tunasema "Nawa mikono kabla hujala", na maana yake si kukanusha. Ni kwamba kunawa kutangulie kula. "Kabla ya kula" ni sawa pia. Ila usiseme "kabla umekula". Methali yetu inayojulikana kila mahali, "Kabla hujafa hujaumbika", inazo zote mbili: -ja- ya kwanza ni ya "kabla", ya pili ni ile ile ya "sijala", ya jambo linaloendelea kungojewa mpaka mtu anaingia kaburini.

Ukisimulia yaliyopita, -ja- inabaki, na kitenzi "kuwa" ndicho kinachobeba wakati: "Nilipofika walikuwa hawajala." Kinyume chake: "Nilipofika walikuwa wameshakula."

Mwisho uliniuliza kwa nini ni "nimekula" lakini si "sijakula", na kwamba hata hivyo "sijakula" umeisikia. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kitenzi "la" kina silabi moja tu, kwa hiyo mkazo unakwenda kwenye kilichotangulia. -Me-, -na-, -li- na -ta- haziwezi kubeba mkazo, ndipo ku- inaingizwa kuubeba: nimeKUla, ninaKUla, nitaKUla. -Ja- inaweza kuubeba yenyewe: siJAla, haJAfa, hawaJAja, hatuJAnywa. "Sijakula" utaisikia kwa wengi, Kenya hasa, na hata Tanzania, na hakuna atakayeshindwa kukuelewa. Kwenye mtihani wako andika "sijala".

Nisalimie mama, na umwambie wali wa nazi wa Tanga nautamani.